Swali Moja, Siku Mbili: Makubaliano ya Kazi kwa Timu Iliyotawanyika Katika Kanda za Saa

Hati ya kwanza ya timu niliyoiandika nikiwa mratibu wa mradi ilikuwa na kurasa nne, na sidhani kama kuna aliyeifungua tena baada ya siku tuliyoipitisha. Ilisema kwamba tutaheshimiana, tutawasiliana kwa uwazi na tutajibu ujumbe kwa wakati. Hakuna aliyeipinga, na hilo lenyewe lilipaswa kunishtua, kwa sababu kifungu ambacho hakuna awezaye kukikataa hakimbani mtu yeyote.

Tulikuwa watu sita: wawili India, wawili Toronto, na wawili, mimi nikiwa mmoja wao, katika ukanda wa UTC+3, yaani saa tatu mbele ya UTC, ile saa ya rejea ya dunia. Kila mmoja alifanya kazi kuanzia 09:00 hadi 17:00 za kwake. (Humu naandika saa kwa tarakimu 24, kwa kuwa sisi tunaosema Kiswahili tuna mtego wetu wenyewe: nikimwandikia mwenzangu "saa 8" bila kuongeza neno, mmoja wetu anaweza kusoma mchana na mwingine akasoma asubuhi. Limenitokea.) Ukizigeuza saa hizo ziwe za UTC, India inafanya kazi kuanzia 03:30 hadi 11:30, sisi kuanzia 06:00 hadi 14:00, na Toronto, katika miezi ya baridi, kuanzia 14:00 hadi 22:00. Maana yake ni kwamba hapakuwa na hata dakika moja ambayo watu wote sita walikuwa kazini pamoja, na kati ya India na Toronto palikuwa na pengo la saa mbili na nusu.

Nilichelewa kuelewa gharama ya pengo hilo hadi siku nilipofuatilia swali moja tangu lilipoulizwa hadi lilipojibiwa. Jumatatu saa 14:00 kwake, yaani 19:00 UTC, mwenzetu wa Toronto aliandika: "Ile sehemu ya namba ya simu kwenye fomu, iwe ya lazima?" India ilikuwa usiku wa manane. Mhusika alilikuta swali Jumanne asubuhi, akaandika saa 04:00 UTC: "Fomu ipi, ya usajili au ya malipo?" Toronto walikuwa wamelala. Jibu la "ya usajili" lilitoka saa 14:30 UTC, wakati India ilikuwa imekwishafunga kazi. Jumatano saa 04:00 UTC akajibu kwamba isiwe ya lazima, na muulizaji akaliona jibu hilo alipofungua kompyuta saa 14:00 UTC. Kuanzia swali hadi jibu zilipita saa 43, ingawa ukijumlisha muda wote ambao watu hao wawili walilishughulikia, haufiki dakika kumi. Hakuna aliyezembea. Kila mmoja alijibu ndani ya nusu saa ya kwanza ya siku yake ya kazi.

Kutokana na swali hilo tuliandika upya makubaliano yetu, na kifungu cha kwanza kilihusu umbo la swali lenyewe. Tulikubaliana kwamba swali linalovuka kanda lazima litaje kitu kinachozungumziwa kwa jina lake kamili pamoja na kiungo chake, lieleze chaguo zilizopo, na limalizike kwa sentensi inayosema muulizaji atafanya nini asipopata jibu. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo yenye uzito. Swali lile lile likiandikwa hivi, "Kwenye fomu ya usajili, nakusudia kuifanya namba ya simu isiwe ya lazima, usipopinga kufikia Jumanne 11:30 UTC nitaendelea hivyo," kazi inasonga Jumanne ile ile Toronto wanapoamka, hata kama India hawakuandika neno.

Hapo ndipo tulipoingia kwenye jambo gumu zaidi, yaani lini ukimya unahesabiwa kuwa ridhaa. Mwanzoni tuliandika kwamba pendekezo likikaa saa 24 bila kupingwa limepita. Ilionekana haki hadi Ijumaa moja, ambapo pendekezo la kubadilisha utaratibu wa malipo lilitumwa kutoka Toronto saa 15:00 kwao, sawa na 20:00 UTC. Saa 24 zilikwisha Jumamosi jioni, na kati ya watu watano waliopaswa kulisoma, wanne hawakuwa na hata saa moja ya kazi ndani ya muda huo. Jumatatu tuliamka tukakuta uamuzi umekwishatekelezwa, na mwenzetu wa India, ambaye ndiye aliyekuwa akiijua ile sehemu ya malipo kuliko sote, alikasirika kwa haki yake.

Sasa kifungu hicho hakitaji saa 24 popote. Kinasema kwamba muda wa kupinga haufungwi kabla kila mhusika hajapata siku moja nzima ya kazi baada ya pendekezo kutumwa, na mpendekezaji ndiye anayeupigia hesabu na kuuandika kwa tarehe na saa ya UTC. Kwa pendekezo lile la Ijumaa, Jumatatu ya India ingekwisha 11:30 UTC na ya kwetu 14:00 UTC, lakini yule mwenzake na mpendekezaji kule Toronto angemaliza Jumatatu yake saa 22:00 UTC, kwa hiyo hiyo ndiyo ingekuwa saa ya mwisho. Aliye likizo hahesabiwi kuwa amenyamaza: kabla ya kuondoka anamtaja mtu wa kuamua kwa niaba yake, na asipomtaja, maamuzi ya eneo lake yanamsubiri.

Tulitenga pia mambo ambayo ukimya hauwezi kuyapitisha hata ukidumu wiki nzima. Kwetu yalikuwa matatu: kufuta data, kumwahidi mteja tarehe, na kubadilisha kitu ambacho kukirudisha kilivyokuwa kutachukua zaidi ya siku moja. Haya yanataka mtu aliyetajwa kwa jina aandike "nakubali." Timu nyingine inaweza kuwa na orodha tofauti, lakini nawashauri iwe fupi, kwa sababu nimewahi kuona orodha ya mambo kumi na saba ambayo matokeo yake yalikuwa kwamba kila kitu kinasubiri kila mtu, na watu wakaanza kuikwepa kimyakimya.

Kuhusu vikao sina mengi, ila kuna kosa moja ambalo huwakuta hata watu makini. Tulichagua kikao kimoja kwa wiki saa 13:30 UTC, ambayo ni 19:00 India, 16:30 kwetu na 08:30 Toronto wakati wa baridi. Hati ilisema 13:30 UTC, lakini mwaliko wa kalenda ulikuwa umetengenezwa na mtu wa Toronto na kufungwa kwenye ukanda wa `America/Toronto`. Tarehe 9 Machi 2025 Toronto walisogeza saa zao mbele, na kikao cha siku iliyofuata kikahamia 12:30 UTC kwenye kalenda bila mtu yeyote kukigusa. Waliofuata kalenda waliingia, wakasubiriana na kuondoka. Wenzetu wa India, waliokuwa wamezoea saa moja ya jioni yao na hawakuitazama kalenda, waliingia saa nzima baadaye wakakuta chumba kitupu. Wao ndio tuliokuwa tumewabebesha saa mbaya kuliko wote, na juu ya hilo wakapoteza jioni yao.

Tangu hapo hati inataja ukanda mmoja unaotawala kila kikao, na mwaliko lazima ufungwe kwenye ukanda huo huo. Ushauri wangu ni kuchagua ukanda wa wale ambao kikao kinawaangukia mbali zaidi na saa za kazi, ili walio pembezoni ndio wasiosogezwa tena. Kwetu ulikuwa `Asia/Kolkata`, ambako saa hazibadilishwi, na hivyo Toronto ndio wanaohama kati ya 08:30 na 09:30 kwa mwaka, jambo ambalo halimwamshi mtu usiku. Ikiwa timu yenu ina watu wa Ulaya na wa Amerika ya Kaskazini kwa pamoja, andikeni pia kwamba Machi kuna takriban wiki mbili au tatu za mkanganyiko, kwa kuwa sehemu kubwa ya Marekani na Kanada husogeza saa Jumapili ya pili ya Machi ilhali sehemu kubwa ya Ulaya husubiri Jumapili ya mwisho. Na mwishoni mwa Oktoba huwa kuna wiki nyingine moja, maana Ulaya hutangulia kurudisha saa nyuma.

Kilichotusaidia kila siku kuliko kikao chochote ni ujumbe wa makabidhiano, ambao kila mtu anauandika robo saa kabla ya kufunga kazi. Una mistari minne tu, na huu hapa ni mfano wa aina tuliyoizoea:

"Nilipofikia: fomu ya usajili inafanya kazi, majaribio yamepita. Kilichokwama: barua pepe ya uthibitisho haitumwi kwa baadhi ya anwani, sijapata sababu. Ukinikosa: endelea na ukurasa wa wasifu, usiguse barua pepe. Narudi: kesho 03:30 UTC."

Mstari wa tatu ndio wa kuulinda. Watu wakianza kuuacha wazi, au kuandika "tutaongea kesho," hiyo ndiyo dalili ya kwanza kwamba makubaliano yanalegea, na huonekana wiki kadhaa kabla ya mtu yeyote kulalamika. Dalili ya pili ni mtu kuonekana akijibu saa 23:00 za kwake siku tatu mfululizo. Mwanzoni nilikuwa nikimshukuru mtu wa namna hiyo. Siku hizi namuuliza ni kifungu gani kinamlazimisha kuwa macho.

Kwa mwenzetu mmoja wa India, ukweli ulikuwa kwamba hapakuwa na kifungu cha kulaumu. Alikuwa akirekebisha kile ambacho Toronto walikijaribu, kisha Toronto wanakijaribu tena, na kila duru ilimeza siku nzima, hivyo alikaa macho ili azibane duru mbili ndani ya usiku mmoja. Tuliihariri hati mara tatu bila kupata dawa, kwa sababu makubaliano yanaweza kupunguza idadi ya maswali yanayovuka pengo, lakini hayawezi kulifuta pengo lenyewe pale ambapo kazi ya watu wawili inategemeana saa kwa saa. Hatimaye tuligawa kazi upya: majaribio ya sehemu yake yakahamia kwa mwenzangu wa UTC+3, ambaye anashirikiana naye kwa saa tano na nusu kila siku, na Toronto wakachukua sehemu ya ripoti kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kwenye hati tulibadilisha mistari miwili tu, ile inayosema nani anamiliki nini. Wiki iliyofuata alianza kufunga kompyuta saa 17:00.