Ile 2.98 yangu: kwa wadogo zangu wa fildi

Wiki iliyopita nilikuwa nakula wali maharage kwa mama ntilie wetu wa nyuma ya ofisi, huku Posta, nikiwasikiliza wale watoto wawili tuliowapokea kwa mafunzo ya vitendo. Wote wako diploma ya uhasibu, mwaka wa mwisho. Mmoja anamwambia mwenzake: "Mimi sina presha. Nikipata loa sekondi tu, mwakani niko digrii." Mwenzake anaitikia kwa kichwa, mdomo umejaa.

Maharage yalinikwama. Sentensi hiyohiyo niliisema mimi mwaka 2018, kwa sauti hiyohiyo ya kujiamini. Nimeona nisiwafokee mbele ya watu, niandike.

1. Jua uko ngazi ipi kwa namba yake.

Mnasema "nasoma cheti" kama vile cheti ni kimoja. NTA 4 ni astashahada ya awali, ambayo mtu wa kidato cha nne anaingia akiwa na ufaulu wa D nne, na somo la dini halihesabiwi. NTA 5 ni astashahada, NTA 6 ndiyo diploma. Hizo zote ziko chini ya NACTVET, baraza la elimu ya ufundi. NTA 7 ni stashahada ya juu, ngazi ya digrii ni NTA 8, na maombi ya digrii yanafuata vigezo vya TCU, tume ya vyuo vikuu. Masta ni 9, uzamivu ni 10. Aliyemaliza kidato cha sita na prinsipo moja na sabsidiari moja anaweza kuruka NTA 4 na kuanzia ya tano, ndiyo maana darasani unakaa na mtu aliyekuja mwaka mmoja baada yako na mnamaliza pamoja. Usimchukie.

Kazini tofauti inaonekana haraka. Wa NTA 4 na 5 tunampa kupanga vocha, keshi ndogo, kuingiza risiti za EFD kwenye mfumo. Wa diploma anafanya usuluhishi wa akaunti ya benki na kuandaa makaratasi ya ritani ya VAT kabla ya tarehe 20, ila mimi ndiye ninayeipitia. Kwenye matangazo ya serikali utaona wa diploma anaitwa Mhasibu Msaidizi, si Mhasibu. Hilo neno "Msaidizi" ndilo lililonirudisha shule, maana nilichoka kumfundisha kazi mtu wa digrii ambaye miezi sita baadaye anakuwa bosi wangu.

2. Loa sekondi siyo mlango.

Hapa tukae kidogo.

NTA 4 na 5, GPA, yaani wastani wa pointi zako, inahesabiwa juu ya 4. Ukifika NTA 6 inahesabiwa juu ya 5: A ni pointi 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2. Mimi nilitoka NTA 5 na 3.1 yangu, nikaingia NTA 6 nikidhani nina akiba. 3.1 juu ya 4 na 3.1 juu ya 5 si ndugu, hata kama zinafanana sura. Halafu nikasoma kwenye kijitabu cha chuo kwamba daraja la pili la chini, hiyo loa sekondi, linaanzia 2.7. Nikapumua. 2.7 naipata nimelala.

Ambacho sikusoma ni kwamba TCU haiulizi jina la daraja. Kwa mwenye diploma inauliza GPA isiyopungua 3.0, pamoja na zile D nne za kidato cha nne. Kwa hiyo kati ya 2.7 na 2.9 kuna watu wana loa sekondi halali kabisa, wamevaa joho, wamepiga picha na mama zao, na digrii hawaingii. Mimi nilikuwa mmoja wao, na picha ipo ukutani kwetu Kimara mpaka leo.

Mwaka ule nilikuwa na moduli kumi na moja, jumla krediti 120. Nilipata B+ kwenye moduli tatu zenye krediti 38: 38 mara 4 ni 152. B kwenye moduli nne zenye krediti 42: 42 mara 3 ni 126. C kwenye moduli nne za krediti 10 kila moja: 40 mara 2 ni 80. Jumla pointi 358. Gawanya kwa 120, unapata 2.98.

Najua unachofikiria, kwamba 2.98 si ni 3.0? Mimi pia nilifikiri hivyo. Chuoni kwetu GPA haikuzungushwa, ilikatwa baada ya desimali ya kwanza. Transkripti ikasomeka 2.9. Nilihitaji pointi 360, nilikuwa na 358.

Sasa lile linaloniuma. Moja ya zile C ilikuwa Kodi, na nilipata 54. B ilianzia 55. Ningepata alama moja zaidi, krediti 10 zingetoka pointi 20 zikawa 30, jumla ikawa 368, na GPA ikawa 3.06, inayokatwa kuwa 3.0. Alama moja.

Na naijua ilipopotelea. Kosweki, yaani kazi za muhula, ilibeba 40, mtihani wa mwisho 60. Ndani ya ile 40 kulikuwa na kazi ya kundi ya alama 5. Wakati huo nilikuwa nauza kava za simu Kariakoo jioni, vikao vya kundi sihudhurii, natuma tu ujumbe "niko njiani" nikiwa bado nimesimama kwenye meza yangu Mtaa wa Aggrey. Siku ya kukusanya, kiongozi wa kundi akasema kila mtu atoe mia tano ya kuprinti. Nikamwambia nitakupa kesho. Akanitazama, akanyamaza. Kazi ikaenda bila jina langu. Nikapata sifuri kati ya 5, wenzangu wakapata 4.

Matokeo ya kosweki yalibandikwa ubaoni wiki mbili kabla ya mitihani. Tulipewa siku za kulalamika. Nilipita pale nikaona namba yangu, nikaona kosweki imevuka kiwango cha kuruhusiwa kufanya mtihani, nikaenda zangu kupanda mwendokasi. Sikuuliza hata kwa nini Kodi iko chini kuliko masomo mengine. Kiongozi yule simlaumu. Nimeshamlipa mia tano yake, mwaka 2021, kwenye harusi ya mtu. Alicheka mpaka akakaa chini.

Julai nikajaza maombi ya digrii. Mfumo ukachukua taarifa zangu, ukaniambia sina sifa. Nikadhani mtandao. Nikajaribu usiku wa manane. Nikajaribu chuo kingine, halafu kingine, ada ya maombi inakwenda. Niliomba vyuo vitatu kabla sijakubali kwamba tatizo ni 2.9 na si mtandao. Baba alikuwa ameshawaambia watu msikitini.

3. Kama tayari uko chini ya 3.0.

Njia ipo, ni ndefu tu. Chuo Kikuu Huria, pale Kinondoni, wana programu ya msingi ya mwaka mmoja, na mwenye diploma ya GPA kuanzia 2.0 anaruhusiwa kuingia. Ukitoka, unatakiwa uwe na GPA ya 3.0 kutoka masomo sita ya msingi, na angalau C kwenye masomo matatu ya mchepuo wako, wangu ulikuwa biashara. Nilipoiona tena hiyo 3.0 nilicheka peke yangu kwenye ngazi. Safari hii nilikuwa nahesabu pointi kila wiki kwenye karatasi niliyoibandika mlangoni mwa choo, mpangaji mwenzangu akidhani ni deni. Kabla hujalipa, hakikisha kozi unayoitaka inampokea mtu wa njia hiyo, maana kila programu ina vigezo vyake vya ziada. Mimi ilinigharimu mwaka mzima na akiba yote ya kava za simu.

4. AVN ombeni mapema.

Mwenye diploma haombi digrii kwa transkripti mkononi. Anaomba NACTVET namba ya uhakiki, AVN, ndiyo anayoijaza. Chuo chako kisipopeleka matokeo, namba haitoki, na ofisi ya mitihani huwa na foleni hasa wiki ya mwisho. Majina yalingane na cheti cha kidato cha nne, herufi kwa herufi.

5. Sapu.

Ukifaulu kwa sapu, yaani mtihani wa marudio, unaandikiwa C, hata ukipata 80. Basi.

6. Diploma haikupi mwaka wa bure.

Wengi mnadhani mkifika digrii mtaanzia mwaka wa pili. Mimi nilianza wa kwanza, miaka mitatu yote, nikikaa na watoto wa kidato cha sita wanaouliza debiti ni upande gani. Nilijivuna muhula mmoja. Muhula wa pili hesabu za takwimu zikanikuta bado najivuna.

7. Baada ya digrii, kuna barabara mbili, msizichanganye.

Ya kwanza ni ya kitaaluma: masta. Hapo vyuo vingi vinataka GPA ya 2.7 ya digrii. Ndiyo, 2.7, ileile iliyonidanganya huku chini, kule juu inafungua. Mwenye chini ya hapo hupitia stashahada ya uzamili ya mwaka mmoja kwanza. Jina lina "stashahada" lakini iko juu ya digrii, si diploma yenu. Nimeshampokea kijana aliyeiandika kwenye wasifu wake kama NTA 6, akijishusha mwenyewe.

Ya pili ni ya bodi ya wahasibu, NBAA. Mwenye digrii ya uhasibu anaanzia hatua ya kati, anamaliza ya mwisho, anakuwa CPA. Masta haikupi CPA, na kusaini ripoti ya ukaguzi ni kazi ya CPA aliyesajiliwa na bodi kutoa huduma ya ukaguzi, hata kama mezani kuna daktari wa falsafa. Bosi wetu wa zamani alikuwa na masta mbili, na ripoti zilikuwa zinampita juu ya kichwa kwenda kwa dada mmoja mwenye digrii moja na CPA. Alikuwa anazitazama zikipita.

Jana jioni nilimwita yule kijana wa loa sekondi, nikampa kikokotoo na karatasi. Kapiga hesabu zake za muhula uliopita, kapata 2.8. Akakaa kimya, halafu akauliza kama kosweki ya muhula huu bado inaweza kurekebishwa. Nikamuuliza, kazi ya kundi mmeshakusanya? Akasema Ijumaa. Nikamuuliza jina lako limo?

Akatoa simu, akatoka nje kupiga.