Mpangaji kapotea na kodi, kaacha vitu ndani

Swali: Wakili shikamoo. Nina vyumba vya kupangisha Mbagala. Mpangaji mmoja hajalipa miezi mitatu, 120,000 kwa mwezi, simu haipatikani, majirani wanasema wiki kadhaa hawajamuona. Ndani kuna friji, tv na godoro. Naweza kuvunja kufuli niuze nifidie hela yangu?

Jibu: Marahaba. Kuuza usiuze kwanza. Yeye kudaiwa 360,000 hakufanyi friji kuwa lako, ukiliuza kimyakimya siku akirudi anakushitaki, na atasema ndani kulikuwa na laptopu na hela taslimu pia, we utajiteteaje wakati uliingia mwenyewe?

Anza kwa kumtafuta kweli. Watu wanalazwa, wanawekwa mahabusu, wanafiwa mkoani na simu inaibiwa njiani. Angalia mkataba kama kuna namba ya mdhamini au ndugu, pitia kazini kwake, usipopata mwanga toa taarifa polisi. Hapohapo andika notisi ya siku 30, itaje deni na tarehe ya mwisho, moja bandika mlangoni upige picha, nyingine tuma kwa meseji na kwa mdhamini, kopi peleka serikali ya mtaa wakugongee muhuri. Ila kama kuna harufu mbaya usisubiri notisi wala nini, ita polisi leo leo.

Siku zikiisha kimya ndo unafungua, tena sio peke yako. Muombe mwenyekiti wa mtaa au mjumbe awepo, na jirani mmoja asiye ndugu yako. Kabla hamjagusa kitu chukua video, alafu andikeni kila kitu na hali yake, maana "tv moja" haitoshi, andika aina, inchi, imepasuka au nzima, wote msaini. Vyeti, kitambulisho na dawa weka bahasha ya peke yake, hizo haziuzwi kwa namna yoyote. Vingine hamishia stoo ufunge, chumba pangisha. Kuanzia siku hiyo kodi kwake inasimama, usije ukamhesabia miezi ambayo mtu mwingine anakulipa.

Hela yako unaidai mahakamani, na kama hapatikani waombe wito utolewe kwa njia nyingine, mfano tangazo. Ukishinda, vitu vinauzwa kwa amri ya mahakama kupitia dalali wa mahakama. Tuseme mahakama imekupa 360,000, vitu vimepata 500,000 na gharama zilizokubaliwa ni 60,000, we unachukua 360,000 yako, ile 80,000 inayobaki ni ya mpangaji.

Kusema kweli kama ndani ni godoro na sufuria tu kesi haikulipi. Hapo wengi humalizana na ndugu zake mbele ya mwenyekiti, wanachukua vitu, wanalipa kidogo kidogo, mnaandikishana.