Kipimo kimesema ninao ugonjwa, je ndo ninao kweli?

"Nimepima afya tu sina dalili yoyote, majibu yametoka positivu. Kipimo kinakosea kwa watu 5 tu kati ya 100 wazima wasio na ugonjwa. Si ina maana 95% ninao?"

Hapana ndugu, hiyo 5 kwa 100 imehesabiwa kwa wazima, haisemi wewe mwenye positivu uko upande gani. Chukua watu 1000 wasio na dalili, tuseme wenye ugonjwa ni 10. Kipimo kinawanasa 9, mmoja kinamkosa. Sasa wale 990 wazima, hapo ndo penye mtego, 5 kwa kila 100 ni kama watu 50 wanaosingiziwa. Kwa hiyo wenye karatasi kama yako wako 59 na wagonjwa kweli humo ni 9 tu, yaani kama 15%.

Ungekuwa na dalili hesabu ingegeuka kabisa, maana kwenye kundi hilo wagonjwa wakiwa mfano 300 kati ya 1000 kinanasa 270 na wazima wanaosingiziwa ni 35 tu, kipimo ni kilekile lakini.

We omba kipimo cha kuthibitisha, tena cha aina nyingine, kurudia kilekile kinaweza kudanganywa na kitu kilekile mwilini.