Simu ya dakika tano, kisha kimya

"Afisa ajira wa Dar alinipigia jana nikiwa Ngamiani, hapa Tanga. Aliuliza mshahara ninaoutaka na naweza kuanza lini. Nikasema baada ya miezi miwili. Akasema 'haya, tutawasiliana', akakata. Nimwandikie?"

Mwandikie leo, ndugu yangu. Simu ya kwanza huwa ya kuchuja tu, na dakika tano zinatosha kabisa. Mimi ningeangalia alikatia wapi: baada ya "miezi miwili". Kwa anayelipwa kwa mwezi, notisi ya chini kisheria ni siku 28, kwa hiyo fungua mkataba wako kwanza. Kama haudai zaidi, rekebisha jibu hilo moja:

"Habari za leo. Asante kwa simu ya jana. Nimehakiki mkataba wangu: notisi ni siku 28, na niko tayari kuhamia Dar. Naomba kujua hatua inayofuata."

Tuma kwa barua pepe, kwenye uzi uleule wa maombi. Mshahara usiuguse, la sivyo utaonekana unajipunguza bei kabla hujaombwa. Wiki ikipita kimya, kumbushia mara moja tu, kisha endelea kuomba kwingine.