Saa ya kamani inapokimbia: ichunguze kwa dira kabla ya kuifungua

Wateja wengi wanaoniletea saa za kamani hapa Bukavu hulalamika kwamba hazilingani na saa ya simu. Malalamiko hayo yana haki kwa nusu tu. Siku nzima ina sekunde 86,400, na hata saa za Uswisi zinazopewa cheti cha kronomita huruhusiwa, kwa wastani, kuchelewa sekunde 4 au kukimbia sekunde 6 kwa siku. Kwa hiyo jambo la kwanza ninalouliza ni kama saa inakosea kwa sekunde au kwa dakika, kwa maana chanzo chake huwa tofauti.

Kinachopima muda ndani ya saa ni gurudumu la mizani, linaloyumba huku na huku, katika saa nyingi za leo mara 8 kwa sekunde, likirudishwa kila mara na kamani nyembamba mno iliyojiviringa katikati yake. Kamani hiyo ikifupika, gurudumu hurudi upesi zaidi na saa hukimbia. Sumaku hufanya jambo linalofanana na hilo: mizunguko ya kamani huvutana na kugandamana, hivyo urefu unaofanya kazi hupungua ingawa hakuna kilichokatika.

Mwalimu mmoja wa Kadutu aliniletea saa iliyokuwa ikikimbia kwa dakika 4 kwa siku, baada ya fundi mwingine kuisogeza mara kadhaa kijiti cha kurekebishia mwendo, bila mafanikio.

“Mwalimu, usiku unaiweka wapi?”

“Juu ya spika ya redio, karibu na kitanda.”

Nilichukua dira ndogo ya sindano, nikaisogeza saa kando yake na kuizungusha polepole. Hapa ni lazima kuwa mwangalifu, kwa sababu chuma chochote ndani ya saa kinaweza kuivuta sindano kidogo hata kama hakina sumaku. Dalili ya kweli ni pale upande mmoja wa saa unapoivuta ncha ya sindano na upande mwingine unapoisukuma ncha ileile. Saa ya mwalimu ilifanya hivyo waziwazi. (Dira iliyo ndani ya simu siipendekezi, kwa kuwa simu yenyewe ina sumaku katika spika zake.)

Kifaa cha kuondolea sumaku ni koili inayotumia umeme wa kawaida wa nyumbani, ule unaobadili mwelekeo mara nyingi kwa sekunde. Saa huwekwa karibu na koili, kitufe hubonyezwa, kisha saa huondolewa polepole hadi umbali wa karibu nusu mita, na hapo ndipo kitufe huachiliwa. Nguvu ya sumaku inapaswa kufifia kidogo kidogo. Ukiachilia kitufe saa ikiwa bado karibu, au umeme ukikatika ghafla kama tulivyozoea mjini kwetu, saa inaweza kubaki na sumaku mpya, na inabidi kurudia kazi yote. Saa ya mwalimu ilipokwisha kusafishwa hivyo ikaanza kuchelewa sana, kwa sababu kile kijiti kilikuwa kimesogezwa mno kupambana na kosa lisilokuwa lake, na ilinibidi kukirudisha. Kama dira ingenyamaza, ningeshuku kamani iliyopinda kwa kuanguka au iliyogandamana kwa mafuta, na hapo kufungua hakuepukiki.

Baada ya sumaku zikabaki sekunde, nazo hutegemea jinsi saa inavyolala. Ikilala uso juu, mhimili wa gurudumu la mizani husimama juu ya ncha yake na msuguano ni mdogo. Ikisimama kwa ubavu, ncha zote mbili hulalia kuta za vijiwe, yaani vito vidogo vyenye tundu vinavyoushikilia mhimili, msuguano huongezeka na gurudumu huyumba kwa upana mdogo zaidi. Zaidi ya hayo, upande wa gurudumu uliozidi uzito hata kidogo huvutwa chini.

Saa ya mwalimu, ikiwa imejazwa ufunguo kikamilifu, mkononi ilikimbia kwa kiwango cha sekunde 12 kwa siku, ikilala uso juu 18, na ikisimamishwa kitufe cha ufunguo kikiwa chini ilichelewa 15. Akiivaa saa 16, inapata sekunde 8. Akiilaza uso juu kwa saa 8 zilizobaki, inaongeza 6, jumla 14. Akiisimamisha kitufe chini, inapoteza 5, na siku inaisha kwa ziada ya sekunde 3. Vipimo hivi ni vya saa hiyo peke yake. Nyingine huchelewa kitufe kikiwa juu, kwa hiyo kila mwenye saa aijaribu yake, mkao mmoja kwa usiku kadhaa, akilinganisha na simu jioni na asubuhi.

Hila hii inasahihisha sekunde chache tu. Tofauti kati ya mkao na mkao ikizidi sana, kwa mfano sekunde 40 au zaidi, mara nyingi mafuta yamekauka au gurudumu limepoteza uwiano wake, na saa hiyo inahitaji kufunguliwa na kusafishwa kabla ya mtu kukigusa kijiti cha kurekebishia.