Maji kabla ya upasuaji: chai ya rangi yaweza kuruhusiwa, ya maziwa hapana

Shangazi yangu alipopangiwa upasuaji wa ngiri saa nne asubuhi, majirani walimsihi asiguse hata tone la maji tangu usiku. Daktari wa usingizi alimwelekeza tofauti: ale chakula chepesi cha jioni, asile kitu tena baada ya hapo, lakini maji anywe hadi saa mbili asubuhi. Nilimuuliza sababu, na maelezo yake yameniridhisha hata leo.

Mtu akipewa nusukaputi, koo hupoteza ile kinga inayomfanya akohoe kitu kinapopita njia isiyo yake. Kilichomo tumboni kikipanda, chaweza kuingia kwenye mapafu, na hapo chembe za chakula huziba njia za hewa huku asidi ikiunguza. Chakula chepesi huhitaji takriban saa sita kuondoka tumboni, na chenye mafuta mengi saa nane au zaidi, kwa sababu tumbo hulazimika kwanza kukisaga. Maji hayana cha kusagwa. Kwa mtu mwenye tumbo la kawaida, nusu yake huweza kupita utumboni ndani ya dakika 20 hivi, kwa hiyo saa mbili zinatosha. Kumnyima mtu maji usiku kucha humwachia kiu na kichwa kuuma tu.

Kinachowachanganya wengi ni neno "angavu", wanapoambiwa kwamba si maji tu, bali vinywaji angavu vyote huruhusiwa hadi saa hizo mbili kabla. Kinywaji angavu ni kile ambacho, kikiwa kwenye glasi, unaweza kuona ng'ambo yake, nacho hakina maziwa, mafuta wala nyuzi za tunda. Maji, juisi ya tufaha iliyochujwa na chai ya rangi vinaingia humo, hata ikiwa na sukari. Kahawa isiyo na maziwa pia huhesabiwa, ingawa ni nyeusi. Juisi ya embe, uji, supu na pombe havimo. Maziwa ndiyo yanayoponza watu wengi, maana yakikutana na asidi ya tumbo huganda na kukaa kama chakula, hivyo chai ya maziwa huhesabiwa saa sita.

Kwa ultrasaundi ya kibofu cha nyongo pia mtu huambiwa asile, ila sababu ni nyingine: mafuta hukifanya kibofu kijikamue, kisionekane vizuri, ilhali maji matupu kwa kawaida hayakisumbui. Ultrasaundi ya nyonga mara nyingi humtaka mtu anywe maji mengi, kibofu cha mkojo kijae.

Saa hizo mbili za maji kabla ya upasuaji hazimhusu kila mtu. Mwenye kisukari kilichodhoofisha tumbo, mwenye utumbo ulioziba, mama aliye katika uchungu, au anayechoma sindano za kupunguza uzito, tumbo lake laweza kuchelewa kujitoa, naye afuate agizo la daktari wake hata likiwa kali zaidi. Na ikitokea umekunywa chai ya maziwa alfajiri, mwambie daktari wa usingizi kabla hujaingia chumba cha upasuaji, utaje na saa. Upasuaji usio wa dharura waweza kusogezwa hadi mchana.