Kauli ya "Baadhi si" haigeuzwi hivi hivi

"Kutoka 'Baadhi ya wanyama si paka' nilipata 'Baadhi ya paka si wanyama'. Mwalimu kaikata. Kosa liko wapi?"

Umebadilisha nafasi za kiima na kiarifu katika kauli ya aina ya O, yaani ya "Baadhi si", nayo haikubali. Kauli ya kwanza inagusa baadhi tu ya wanyama; hitimisho lako linawagusa wote, maana linadai paka fulani hayumo kabisa miongoni mwao. Ipime kwa mraba wa upinzani, mchoro ambao kauli za pembe za mkabala hupingana, moja ikiwa kweli nyingine ni uongo: "Paka wote ni wanyama" ni kweli, basi kauli iliyo pembe ya mkabala, ambayo ndiyo hiyo yako, ni uongo.

Kwanza hamishia ukanushi kwenye kiarifu: "Baadhi ya wanyama ni visivyo paka." Hapo imekuwa kauli ya I, yaani ya "Baadhi ni", ambayo hugeuzwa salama: "Baadhi ya visivyo paka ni wanyama."